Mliotuambia "wanaume hugawa diski kwa mkono", njooni mniokolee mashine

KaraniWaDuka

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Windows 10 ilipokatiwa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu yangu haikukubaliwa kwenye Windows 11, nikaamua kuweka Linux Mint. Windows niliibakiza kwa sababu ya programu ya hesabu za dukani. Diski ni SSD ya 256 GB, RAM 8 GB.

Nikafika pale kisakinishi kinapouliza. Juu kabisa kuna `Install Linux Mint alongside Windows Boot Manager`, chini kuna `Something else`. Mimi na akili zangu nilitaka ile ya juu. Nikauliza humu. Nikachekwa! "Hiyo ya watoto." "Ukiiacha igawe yenyewe hutajua Linux maisha." Mmoja akaniandikia kabisa vipimo: mfumo `/` 20 GB, swap mara mbili ya RAM, kilichobaki `/home`. Nikafuata kama mgonjwa anavyofuata cheti cha daktari.

Wiki ya sita mashine imegoma. Naandika nywila, skrini inapepesa, inanirudisha palepale kwenye nywila. Nimeingia kwa Ctrl+Alt+F3 kwenye ile skrini nyeusi, kila ninachojaribu kinajibu `No space left on device`. Nafasi gani imeisha, wakati nina GB 60 na ushei tupu kule `/home`? Yule aliyenipa vipimo ajitokeze. Na msiniambie "umejifunza". Nina hesabu za mwezi mzima humo.

mti_mkavu

Pole mkuu, lakini usilaumu njia ya mkono. Ile ya moja kwa moja ndiyo hatari zaidi, inafuta Windows yote. Shemeji yangu alipoteza picha za harusi hivyohivyo. Swap mara mbili ya RAM ni sheria ya siku nyingi, haina kosa.

BiFundi

Mti_mkavu, nusu ya maneno yako ni kweli. Inayofuta ni `Erase disk and install Linux Mint`. Ile ya `alongside` haifuti. Inapunguza Windows, inatumia patisheni ileile ya EFI iliyopo, na Mint inapata patisheni moja tu. Shida ni kwamba kisakinishi kisipoiona Windows, chaguo la `alongside` halitokei kabisa, na la kufuta ndilo linalobaki juu. Mtu anabonyeza la kwanza kwa mazoea. Nadhani shemeji yako aliponzwa hapo.

Kaka Karani, hasira tutazimaliza baadaye. Kwenye hiyo skrini nyeusi andika hizi mbili utuletee majibu:

```
df -h
sudo du -xh -d1 / | sort -h
```

KaraniWaDuka

Nimenakili kwa mkono kutoka kwenye skrini, nimeacha mistari midogomidogo:

```
/dev/sda5   19G   18G    0  100%  /
/dev/sda7   75G  6.1G  65G    9%  /home

2.1G  /var
6.8G  /usr
7.9G  /timeshift
18G   /
```

BiFundi

Mwizi huyo hapo: `/timeshift`. Ulipoingia Mint mara ya kwanza, ukurasa wa karibu ulikushauri uwashe Timeshift, ukawasha, si ndiyo? Nakala yake ya kwanza ni mfumo mzima, na usipoielekeza pengine inakaa ndani ya `/` hiyohiyo. Yaani umeweka gunia la akiba ndani ya chumba kilekile unacholala.

Aliyekupa 20 GB hakuitoa hewani. Mint wenyewe wanaandika 20 GB, ila hicho ni kiwango cha chini cha kuingia. Wanachopendekeza ni 100 GB. Yeye alisoma namba ya kwanza akaiacha ya pili. Ungechagua `alongside`, nakala hii ingejaa vilevile lakini ingekuwa ndani ya GB 110, hata usingejua ipo. Hapo una haki ya kukasirika.

popo_wa_forodhani

Samahani naingilia, na mimi nina tatizo hilohilo la diski. Kisakinishi hakioni diski yangu hata kidogo, kinaona fleshi tu. Nitumie ya mkono au ya moja kwa moja?

BiFundi

Popo, hilo lako si hili. Ingia kwenye BIOS uangalie kama diski iko kwenye hali ya `RST` badala ya `AHCI`. Ila usibadili kabla ya kufungua uzi wako, maana Windows inaweza kukataa kuwaka.

Karani, fanya hivi. Kwanza pumua:

```
sudo timeshift --delete-all
sudo apt clean
```

Nakala zote za Timeshift zitaondoka. Mafaili yako ya `/home` hayaguswi. Ukishaingia kawaida, hamishia hesabu zako kwenye fleshi, halafu fungua Timeshift na kwenye mahali pa kuhifadhi uchague `sda7`.

Sasa nafasi yenyewe. Swap yako ni `sda6`, iko katikati ya `sda5` na `sda7`, sivyo? Basi una bahati usiyoijua. Washa mashine kwa fleshi ya Mint, fungua GParted, bofya swap kwa kitufe cha kulia uchague `Swapoff`, ifute, kisha vuta `sda5` kuelekea kulia. Unapata kama GB 15 zaidi bila kusogeza mwanzo wa `/home`, na kusogeza huko ndiko kunakochukua masaa na kuua data umeme ukikatika. Mwisho fungua `/etc/fstab` ya mfumo wako, ondoa mstari wa swap. Ukiusahau, kila ukiwasha itakaa dakika moja na nusu ikiitafuta.

mti_mkavu

Bila swap, hibernation atafanyaje? Na programu zikila RAM yote?

BiFundi

RAM ikila sana atatengeneza faili la swap la GB 4, linatosha. Hibernation mwulize yeye kama anaitumia.

KaraniWaDuka

Siitumii, hata sijui ni nini. Nimefanya. `/` sasa ina 33G, imetumika 9.6G. Nimeingia, hesabu zipo. Asante dada BiFundi.

Lakini hasira haijaisha. Kwa nini tusimwambie mgeni abonyeze `alongside`, basi?

BiFundi

Mimi kwa mashine yenye Windows humwambia hivyo, na kwamba kabla ya kukubali asome orodha ya patisheni zitakazofomatiwa. Akiona namba ya patisheni ya Windows humo, au ile ndogo ya EFI, arudi nyuma. Ukiifomati EFI, Windows haiwaki tena hata kama mafaili yake yote yapo. Na kwenye ya mkono kuna kisanduku cha `Format` ambacho kidole kinateleza kwa urahisi.

mti_mkavu

Mimi bado `/home` yangu itakaa peke yake. Nimebadilisha Linux mara nne bila kupoteza hata wimbo mmoja.

KaraniWaDuka

Mara nne, mzee. Mimi nataka kuuza sukari. Na yule wa 20 GB naona yuko mtandaoni tangu asubuhi, taa yake ya kijani inawaka, kimya.

popo_wa_forodhani

Nimebadili kwenda AHCI. Windows haiwaki.