Ubao wa viwango ulisomeka 132, benki ikasema ada ni 20 tu, na 500 yangu imefika 58,640. Nani amekula?

Wakuu, naandika hapa nikiwa nimeumia, na nataka anayeijua kazi hii aniambie pesa yangu imeishia wapi.

Kila mwezi natuma nyumbani. Mwezi huu nilitenga 500 ya huku, na nyumbani kulikuwa na karo ya 60,000 inayodaiwa. Kawaida natumia programu ya simu. Inakata ada ya 4, na siku hiyo ilikuwa inanipa 125.60 kwa kila moja. Piga 496 mara 125.60, mdogo wangu angepokea 62,297. Karo ingelipwa na kitu kingebaki.

Sasa mdogo wangu akapita kwenye duka la kubadilisha fedha, akapiga picha ya ubao wa viwango, akanitumia. Alipiga kwa karibu mno, vichwa vya safu vikabaki nje ya picha. Mstari wa fedha ya huku ulisomeka vizuri kabisa: 128.00 na 132.00. Nikaona 132 nikawaka. Kwa nini niridhike na 125.60 wakati mtaani ni 132? Nikaamua nimtumie kwa benki fedha ya huku ikiwa hivyo hivyo, iingie kwenye akaunti yake ya fedha za kigeni, aitoe taslimu, akabadilishe dukani.

Kaunta ya benki nikauliza mara mbili: makato ni kiasi gani? Nikajibiwa, "Ada ni 20 tu." Nikapiga hesabu: 480 mara 132 ni 63,360. Faida ya elfu moja na zaidi kuliko programu. Nikasaini.

Siku nne baadaye mdogo wangu ananiambia kwenye akaunti imeingia 460. Benki yake inasema ilipokea 465 ikakata 5 ya kupokelea. Ile 15 iliyopotea katikati hakuna anayeijua. Akaenda dukani na zile 460: noti nne za mia na tatu za ishirini. Wakamwambia wananunua kwa 128, na zile za ishirini wananunua kwa 124 kwa sababu ni noti ndogo. Mia nne ikatoa 51,200, sitini ikatoa 7,440. Jumla 58,640.

Karo ni 60,000. Nikalazimika kutuma tena 15 kwa programu ili kuziba pengo, na katika hiyo 15, nne zikaenda kwenye ada. Zaidi ya robo! Nimeuliza makato mara mbili, nikajibiwa mara mbili, na jibu lilikuwa la uongo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hasara yenyewe.

Nyakati
Pole sana mkuu. Kosa lako ni kwamba fomu ulijaza SHA. Ungejaza OUR, mtumaji analipa makato yote na mpokeaji anapata kamili. Mimi huwa najaza OUR na sijawahi kupungukiwa hata senti. Tatizo limekwisha hapo.

Mwenye uzi
Fomu ilikuja imeshachapwa SHA, sikuijaza mimi. Na hakuna aliyenieleza herufi hizo zina maana gani.

Mama Wawili
Mimi yalinikuta kwa njia nyingine. Nilituma kwa programu nikalipia kwa kadi ya mkopo, ada wameandika sifuri. Mwisho wa mwezi benki ya kadi ikanitoza ada ya kutoa taslimu pamoja na riba tangu siku ile ile, eti kutuma pesa kwa kadi ni sawa na kuchukua taslimu. Kwa hiyo swali langu, huyo mdogo wako anaweza kupokea kwa kadi?

Mwenye uzi
Dada, mimi sikulipia kwa kadi. Nimetoa pesa yangu mwenyewe kwenye akaunti. Ila pole, huo nao ni wizi.

Kaunta Namba Tatu
Nimekaa nyuma ya kioo cha duka la fedha miaka tisa, ngoja nianze na ubao.

Namba mbili kwenye mstari mmoja ni kununua na kuuza, na anayenunua au kuuza ni duka, wala si wewe. Mdogo wako alikwenda na fedha ya kigeni mkononi, kwa hiyo duka linanunua kutoka kwake: 128. Ile 132 ni ya mtu anayekwenda na pesa ya nyumbani akitaka fedha ya kigeni. Picha ikija bila vichwa vya safu, usikisie. Jiulize ipi kati ya namba mbili inakupunja, hiyo ndiyo yako. Duka haliishi bila hiyo tofauti.

Halafu ubao ule ni wa taslimu, na mara nyingi ni wa noti kubwa zilizo safi. Noti ndogo, zilizochanika, zilizoandikwa kwa kalamu au za toleo la zamani zina kiwango chao, na hicho huwa hakiandikwi ubaoni, anakitamka keshia. Tena picha ni ya saa ile iliyopigwa. Wewe umetuma, pesa imetembea siku nne, ubao ungeweza kuwa umebadilishwa mara kadhaa. Hapo una bahati, 128 ilikukuta palepale.

Kwa hiyo hata kama benki zisingekata kitu njiani, 480 mara 128 ni 61,440. Programu ilikuwa inakupa 62,297. Ulishapotea kabla ya kufika kaunta ya benki.

Mwenye uzi
Hiyo safu nimeisoma vibaya mimi, nakubali. Lakini ile 15 sikuisoma vibaya. Haikuandikwa popote.

Kaunta Namba Tatu
Hapo una haki ya kukasirika. Benki yako na ya mdogo wako hazina akaunti kati yao, kwa hiyo pesa imepita benki ya tatu katikati, na hiyo hujichukulia chake kutoka kwenye pesa yenyewe inapopita. SHA maana yake benki yako umeilipa wewe, kinachokatwa mbele kinamwangukia mpokeaji. Keshia aliposema 20 alikutajia ya kwake tu.

Nyakati yuko sawa nusu. OUR inazuia ile 15 isikatwe kwenye pesa ya mpokeaji, ila benki yako itakutoza zaidi mwanzoni kufidia. Na ile 5 ya benki ya nyumbani inaweza kukatwa hata kwa OUR, kama ni ada yao ya kuhudumia akaunti ya fedha za kigeni.

Nyakati
Mimi haijawahi kukatwa.

Kaunta Namba Tatu
Benki unayotumia wewe haikati. Nyingine zinakata.

Sasa mwenye uzi, hata programu yako usiiamini hivi hivi. Chukua katikati ya namba mbili za ubao, 130. Sio kiwango cha soko kamili, ila kwa kupimia inatosha. Kwa 130, 500 yako ni 65,000. Programu ilikuwa ikufikishie 62,297. Ada wanaitaja 4, lakini jumla umeacha 2,700 na kitu, zaidi ya asilimia 4. Sehemu kubwa ya hiyo iko kwenye kiwango, haiko kwenye ada. Njia ya benki na duka imekula 6,360, karibu asilimia 10. Mataifa yalikubaliana kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu gharama hii ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, kwa hiyo una kipimo.

Bi Hesabu
Naongezea kwa alichosema Kaunta. Mimi nina programu mbili kwenye simu na siku ileile nilizilinganisha. Moja ni kama yako, ada 4 kwa 125.60. Nyingine ina ada 9, watu wanaikimbia kwa sababu ya hiyo tisa, lakini inatoa 128.90. Kwa 500, ya pili inafikisha 491 mara 128.90, yaani 63,289. Inaishinda ya kwanza kwa karibu elfu nzima. Kwa 100 inageuka: ya kwanza inafikisha 12,057, ya pili 11,729. Nilipotafuta zinapolingana nikakuta ni karibu na 200. Chini ya hapo ada ndogo inashinda, juu ya hapo kiwango kinashinda. Namba zenu zitakuwa tofauti, ila mpaka kama huo upo kati ya njia yoyote yenye ada ndogo na kiwango kibaya na ile yenye ada kubwa na kiwango kizuri.

Mimi sasa siulizi ada wala kiwango. Naandika 500 inayotoka mfukoni mwangu, naangalia kinachofika mkononi kwa mpokeaji, basi.

Mama Wawili
Mkononi kweli? Maana ikiingia kwenye simu yake, akienda kwa wakala kuitoa anakatwa tena. Hiyo 62,297 mnayoisema ni ya kwenye simu au ya mkononi?

Mwenye uzi
Ni ya kwenye simu. Makato ya kutoa sikuyahesabu. Karo inalipwa moja kwa moja kutoka kwenye simu, ila zilizobaki angezitoa. Umenigusa hapo dada.

Bi Hesabu
Na mimi huwa sihesabu hilo. Nitamuuliza mama anakatwa kiasi gani.

Kaunta Namba Tatu
Kuhusu ile 15, rudi benki uliyotumia. Omba nakala ya ujumbe wa malipo yenyewe, sio risiti ya kaunta, na uombe namba ya ufuatiliaji inayoitwa UETR. Ni ndefu, tarakimu na herufi 32 zenye vistari katikati. Kwa hiyo wanaweza kuona pesa ilipita benki ipi na ilipungua wapi. Kurudishiwa siwezi kukuahidi, kwa sababu ulisaini SHA.

Nyakati
Watarudisha. Ukipiga kelele wanarudisha.

Mwenye uzi
Nimerudi leo asubuhi. Yule aliyenihudumia hakuwepo. Aliyekuwepo kasema makato ya njiani "hayatuhusu", nikamwambia basi ilikuwaje nikaambiwa 20 tu, akanyamaza. Nimeandika barua ya malalamiko, nimeambatisha fomu yenye SHA na taarifa ya akaunti ya mdogo wangu inayoonyesha 465. UETR wamesema nisubiri siku tano za kazi. Mdogo wangu nimemwomba arudi dukani apige ubao upya, safari hii na vichwa vya safu vionekane, na amuulize keshia bei ya noti za ishirini.