Bolti ya bawaba ya geti imegandia kutu, nikikaza spana naona kama itakatika. Nifanyeje?

mwana_pongwe (Alhamisi, saa 2 usiku)

Habarini wakuu, shikamoo kwa waliozidi umri. Niko Tanga, nyumba ya mama, geti la chuma la miaka mingi sana lilichomelewa na fundi wa mtaani enzi hizo marehemu mzee bado yuko kazini. Upande mmoja umelala mpaka unakwaruza saruji ukifungua, nikaangalia nikaona bawaba ya juu ndo tatizo. Sio bawaba ya dukani, ni ile ya kienyeji, masikio mawili ya bapa yamechomelewa kwenye nguzo, katikati kuna kipande cha paipu kimechomelewa kwenye geti, halafu bolti ndefu imepita juu mpaka chini na nati chini yake. Spana ya 19 inaingia.

Nimepulizia ile spreyi ya kopo la bluu na njano, nikasubiri kama dakika 10, nikaweka spana na kipande cha bomba kurefusha mkono, nati haijasogea hata kidogo, na safari ya mwisho nilihisi kama inanyumbuka hivi nikaogopa nikaacha. Upepo wa bahari huku kwetu kutu sio mchezo. Nataka niitoe bila kuharibu masikio maana mchomeleaji akija ataanza kusema geti zima libadilishwe. Naombeni ushauri.

Bwana_Grenda

Kata mkuu. Diski ya kukatia, dakika mbili umemaliza, bolti mpya haizidi hata hela ya soda. Mnajitesa bure.

kaka_likoni

Hapo Bwana Grenda umekosea, diski haiingii vizuri kati ya sikio na paipu, utakula chuma cha geti. Sisi huku Likoni chumvi ndio nyumbani kwake, dawa ni moto tu. Chukua tochi ya gesi choma hiyo bolti mpaka iwe nyekundu, mwagia maji, inaachia yenyewe. Nimefanya mara nyingi kwa mabano ya boti.

mama_nusra

Jamani hata mimi ninalo hilo tatizo, kufuli la geti langu limegoma funguo inaingia haizunguki, nimeweka mafuta ya kula ndo ikazidi. Na mimi nichome?

mwana_pongwe

Mama Nusra yangu sio kufuli ni bawaba, ila kufuli usilichome tafadhali 😅

fundi_mstaafu

Marahaba kijana. Kabla hujachoma wala kukata nijibu kitu kimoja. Ukilifungua geti, kichwa cha bolti kile cha juu kinazunguka pamoja na geti, au kinakaa tuli? Weka alama ya chaki juu yake ufungue nusu, uangalie. Halafu uniambie na nati ya chini inafanyaje.

mwana_pongwe (Ijumaa asubuhi)

Mzee nimeangalia kabla sijaenda kazini, alama inazunguka na geti. Na nati nayo inazunguka hivyohivyo pamoja. Sikuwahi kuliona hilo.

fundi_mstaafu

Nilijua. Basi hapo una kutu mbili sio moja, na ndo maana spana imekushinda. Ya kwanza iko kwenye nyuzi za nati. Ya pili ndo kubwa, bolti imeshikana na paipu ya geti ikawa kitu kimoja, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo haizunguki ndani ya paipu kama inavyotakiwa, inazunguka ndani ya matundu ya masikio. Masikio ni bapa jembamba, bolti imeyala mpaka matundu yamekuwa yai. Geti kulala kumetokea hapo. Hata ukitoa nati leo, bolti haitoki mpaka uiachanishe na paipu.

Sasa jambo ambalo watu wengi wanaliruka. Geti lote linaning'inia, uzito unaivuta ile bolti kwa ubavu, unaibana kwenye sikio. Utaweka oili mwezi mzima na bado itakuwa imebanwa. Liinue kwanza. Funga geti, weka jeki ya gari na kipande cha ubao juu yake chini ya fremu karibu na upande wa komeo, pandisha taratibu mpaka uone ile nafasi ya juu kati ya geti na nguzo imerudi sawa, sio zaidi. Ingiza vipande vya mbao chini upande wa bawaba pia, halafu lifunge kamba kwenye nguzo. Hilo la kamba usilidharau, bolti ikitoka geti linabaki na bawaba moja ya chini na linaweza kumlalia mtu.

Hiyo spreyi yako ni nzuri kwa kufukuza maji na kwa kutu ya juujuu, ila dakika 10 kwa kutu ya miaka hiyo ni kama hujafanya kitu. Tafuta oili ya kulegeza kutu yenyewe, ipo kwenye maduka ya spea. Ukikosa, changanya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, tikisa kila ukitumia maana vinajitenga, na weka mbali na moto kabisa. Piga brashi ya waya kwanza kwenye nyuzi zinazochungulia chini ya nati, kutu iliyolegea na rangi vitoke, vinginevyo oili inaishia juu. Kwa paipu, dondoshea pale juu inapokutana na sikio, ishuke yenyewe kwa mvutano. Jioni mara moja, usiku mara moja, asubuhi tena.

Na kila ukiweka, gonga. Sio kupiga, kugonga. Nyundo ndogo, na upande wa pili shikilia nyundo nzito au kipande cha reli ili masikio yasipinde. Gonga bapa za nati zote sita kwa kuzunguka, halafu ubavu wa paipu. Mtikisiko ndo unafungua vijinjia kwenye kutu oili ipite.

kaka_likoni

Mzee nakuheshimu lakini moto ndio unamaliza kazi. Oili siku mbili ya nini?

fundi_mstaafu

Kaka moto sijaukataa, umekosea pa kuuweka. Ukichoma bolti, bolti ndo inatanuka, inazidi kujaza tundu. Kweli ikipoa inasinyaa na kutu inaweza kupasuka, ndo maana kwako imefanya kazi, ila wekundu hauhitajiki. Choma kile cha nje, yaani nati, na paipu, kitanuke kikimbie bolti. Dakika mbili tatu, ukidondosha tone la maji linachemka hapohapo, inatosha. Ikianza kuwa nyekundu chuma kinalainika, bolti inajinyonga kama mkate wa ajemi.

Mwana Pongwe sikiliza hapa. Futa oili yote na kitambaa kabla hujawasha, makopo ya spreyi yaweke ndani ya nyumba. Nguzo yako kama ni paipu iliyochomelewa juu na chini ikaziba, usiielekezee moto kabisa, ndani kukiwa na maji mvuke unaweza kuipasua. Weka bati kati ya moto na nguzo. Na kama ni chuma cha mabati, ile rangi ya kijivu yenye kung'aa, usichome, moshi wa zinki unaleta homa.

dogo_wa_spea

Naongezea kidogo, mshumaa. Nati ikiwa ya moto gusisha mshumaa kwenye nyuzi, nta inayeyuka inavutwa ndani. Duka letu mafundi wa gari wanafanya sana.

fundi_mstaafu

Wengine wanaapa nayo. Mimi nimejaribu mara inasaidia mara haisaidii, na inashika moto ukizidisha. Sitabishana.

mwana_pongwe

Mzee nitajuaje kama inaachia au inakatika? Ile ya jana ilinitisha.

fundi_mstaafu

Kwa mkono na kwa sikio. Ikiachia inapiga mlio, kak!, kama kuni kavu, halafu inazunguka huku inalialia. Inayotaka kukatika haina mlio, inakuwa kama mpira, spana inasogea kidogo halafu ukiachia inarudi. Hiyo ulihisi jana ndo hiyo, ulifanya vizuri kuacha. Na toa hilo bomba la kurefusha. Tumia soketi ya pembe sita, ya pembe 12 inakula kona. Anza kwa kukaza kidogo, ndiyo kukaza, ndo ufungue. Ikitoka robo, rudisha, weka oili, toa tena. Usiilazimishe kwenda moja kwa moja, unga wa kutu unajikusanya mbele ya nati na unaikamata upya.

mwana_pongwe (Jumapili jioni)

Mrejesho wakuu. Ijumaa usiku nimeinua na jeki ya jirani, nikaweka oili, Jumamosi mara tatu na kugonga, mama anauliza unajenga au unabomoa. Jumamosi jioni nati bado. Leo asubuhi nimefuta, nikaweka bati, nikachoma nati dakika kama tatu, mara ya kwanza hakuna kitu, ikapoa nikaweka oili ikaingia kabisa naiona inapotea, nikafuta tena nikachoma mara ya pili, nikakaza kidogo, KAK! Nilidhani imekatika moyo ukaruka. Ilikuwa imeachia. Kwenda na kurudi kama nusu saa ndo ikatoka.

Bolti sasa. Nilirudisha nati mpaka ikalingana na ncha ya bolti ili nyuzi zisiharibike, nikachoma paipu, nikagonga kutoka chini kwenda juu. Ikasogea kama unene wa kidole ndo nikatoa nati nikaendelea na kipande cha nondo ya milimita 10. Katikati ya bolti imeliwa imekuwa nyembamba kama kiuno cha nyigu. Masikio ni kama mzee alivyosema, tundu la juu limekuwa yai kabisa.

Sasa swali, nichomelee washa nene juu ya masikio nipate tundu jipya la duara, au nitoboe yote niweke bolti ya namba kubwa zaidi?

Bwana_Grenda

Toboa.

fundi_mstaafu

Washa. Ukitoboa bapa linabaki na nyama kidogo pembeni. Ila paipu isafishe ndani kwanza na tupa ya duara, bolti mpya iingie kwa mkono bila kugonga, paka grisi nzito, na toboa katundu kadogo kwenye paipu pa kupachika nipo ya grisi. Nati weka mbili zikabane zenyewe kwa zenyewe, sio kubana masikio.

kaka_likoni

Mimi ningetoboa. Na bawaba ya chini umeiangalia?

mwana_pongwe

Nimeweka chaki sasa hivi. Nayo inazunguka 🤦🏾‍♂️