Mashavu yanayowaka: azelaiki, metronidazoli au ivermektini?

BintiKisauni
Salaam wadau. Daktari wa ngozi amesema nina rosasea, ule ugonjwa wa wekundu na vipele usoni. Mimi ni maji ya kunde, kwa hiyo wekundu wenyewe hauonekani kwa mbali. Ni rangi ya kahawia inayoelekea zambarau mashavuni na puani, na panachoma kama pamepakwa pilipili. Kuna vipele vichache na vimishipa vyembamba pembeni mwa pua. Ameniambia nichague kati ya jeli ya azelaiki ya asilimia 15 na jeli ya metronidazoli ya asilimia 0.75, kulingana na kinachopatikana. Duka la dawa wakanitajia pia krimu ya ivermektini ya asilimia 1. Ipi nianze nayo? Huwaka zaidi nikiwa jikoni na baada ya chai ya asubuhi.

Mwanakijiji_74
Hizo ni chunusi tu dada. Nunua benzoili peroksaidi, paka usiku, wiki mbili unasahau.

Mfamasia wa Ngamiani
Kaka, hapo utamuunguza. Chunusi huja na vichwa vyeusi au vyeupe vilivyoziba vinyweleo. Yeye hakutaja hata kimoja, ametaja joto, kuchoma na mishipa. Benzoili peroksaidi kwenye ngozi ya namna hiyo mara nyingi huikausha na kuichoma zaidi.

BintiKisauni, tenganisha kwanza mambo matatu. Vipele vinasikia dawa zote tatu ulizotaja. Wekundu wa kudumu unaozunguka vipele hupungua polepole. Ule mwako wa ghafla na vile vimishipa, hakuna hata moja kati ya hizo itakayoviondoa. Watu wengi huacha dawa nzuri wakidhani imeshindwa, kumbe waliipa kazi isiyo yake.

Kwa maelezo yako ningeanza na azelaiki. Ngozi ya maji ya kunde na nyeusi ikipona kipele huacha doa, na azelaiki hupunguza madoa hayo pia. Ubaya wake ni kuchonyota wiki za mwanzo. Metronidazoli ni pole zaidi, lakini kwa madoa haina msaada. Ivermektini hupakwa mara moja tu kwa siku na hufanya vizuri sana kwenye vipele, ila mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote, na wewe vipele vyako ni vichache.

Shosti_Magomeni
Mbona mnazunguka? Haidrokotisoni asubuhi na jioni, siku tatu uso umetulia. Na aache jua na singo.

Mfamasia wa Ngamiani
Jua na singo umesema kweli. Singo ina msuguano na manukato, na vyote viwili huchokoza ngozi hii, hata liwa ikiwa safi kiasi gani.

Ila haidrokotisoni ndiyo mtego. Steroidi hubana mishipa, ndiyo maana siku ya tatu uso unapendeza. Ukiacha, mishipa inapanuka tena na wekundu unarudi mkali kuliko mwanzo, unapaka tena, na mzunguko unaendelea. Klobetasoli na betamethasoni zilizomo kwenye mikorogo mingi na kwenye zile krimu za mchanganyiko wa dawa ya fangasi ni kali zaidi, nazo zenyewe huzaa vipele vya aina ya rosasea usoni. BintiKisauni, kama umewahi kupaka mojawapo kwa miezi, mwambie daktari kabla ya jeli mpya. Uso unaweza kuchafuka kwa wiki kadhaa baada ya kuacha, nawe utaisingizia azelaiki bure.

BintiKisauni
Mkorogo sijapaka. Aliovera freshi kutoka shambani je? Na azelaiki naipakaje isinichome?

Mfamasia wa Ngamiani
Aliovera ya shambani siishauri. Ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda huwasha, na kuutoa wote si rahisi.

Azelaiki ijaribu kwanza chini ya taya usiku mitatu mfululizo. Ikipita salama, wiki mbili za mwanzo paka usiku mmoja, ruka mmoja. Nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na harufu, kwa vidole, bila dodoki. Kausha kwa kubonyezabonyeza taulo, kisha subiri dakika kumi na tano, maana ngozi mbichi huchonyota zaidi. Weka nukta ndogo kama punje ya njegere kwa kila shavu, na nyingine puani, kidevuni na kwenye paji. Tandaza nyembamba, halafu losheni nzito yenye gliserini juu. Bado inauma? Tanguliza losheni, jeli ifuate. Ngozi ikizoea, nenda kila usiku, kisha asubuhi na usiku.

Kuchonyota kunakoisha ndani ya dakika ishirini ni kawaida. Uso ukivimba, au ukibaki wa moto saa kadhaa baadaye, acha na urudi kwa daktari. Usipime matokeo kabla ya wiki nane, na ipe dawa hadi wiki kumi na mbili.

Mmanga_wa_Ruwi
Huku Maskati tatizo langu ni kutoka kwenye kiyoyozi kuingia juani. Uso unawaka papo hapo, na kahawa nimeacha lakini sioni tofauti.

Mfamasia wa Ngamiani
Kwa sababu aghalabu kinachowasha moto ni joto la kinywaji, si kahawa yenyewe. Iache ipoe hadi uvuguvugu uone. BintiKisauni, chai yako vilevile, usiinywe ikitoa mvuke. Jikoni, feni iwe upande wako, usiinamie sufuria unapofunua, na uwe na maji baridi ya kunywa kidogokidogo. Kitambaa kilicholowa maji ya baridi kiasi kwenye shingo husaidia. Barafu usiiguse moja kwa moja usoni. Na kujifukiza, kwa mwarobaini au chochote, hapana.

Kwa jua, tafuta krimu ya kinga ya 30 au zaidi yenye zinki oksaidi, mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo. Zile zilizotiwa rangi ya ngozi hazikuachi mweupe kama umepaka unga, na zinaficha wekundu pia.

Mtoto wa Pwani Mpya
Mmesahau jeli ya brimonidini. Nusu saa tu mashavu yametulia, hadi usiku. Kwa harusi haina mpinzani.

Mfamasia wa Ngamiani
Hatujaisahau, naiogopa. Inabana mishipa kwa saa kadhaa, halafu kwa baadhi ya watu wekundu unarudi mkubwa kuliko ule wa awali.

Mtoto wa Pwani Mpya
Kwa baadhi, si wote. Ukiijaribu sehemu ndogo wiki mbili kabla ya sherehe unajua uko upande gani. Kumnyima mtu siku moja ya raha kwa hofu hiyo si haki.

Mfamasia wa Ngamiani
Akijaribu kwanza sina ugomvi. Ya kila siku ndiyo siikubali.

BintiKisauni
Nachukua azelaiki. Na vile vimishipa vya puani? Halafu macho siku hizi yanakwaruza kama yana mchanga, sijui ni moshi wa mkaa.

Mfamasia wa Ngamiani
Mishipa ni kazi ya leza. Kwa rangi yako uliza mashine ya Nd:YAG ya nanomita 1064, na fundi aliyezoea ngozi nyeusi, vinginevyo utatoka na madoa. Hilo linasubiri. Macho hayasubiri. Rosasea huingia machoni, hata pale ngozi imetulia, na jeli ya usoni haifiki huko. Muone daktari wa macho wiki hii, umtajie neno rosasea, na azelaiki iwe mbali na kope.