Deni la simu limenikwamisha CRB: nilipe lote, niombe punguzo au nisubiri?

Mama_Posho
Wakuu, benki imeninyima mkopo wa 300,000 wa kununua mashine ya kusaga. Sababu ni deni la mkopo wa simu la 2021 lililoniweka kwenye orodha ya CRB, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu. Nilikopa 4,800, sasa linasomeka 7,350. Je, nilipe lote, niombe punguzo, au nisubiri lifutike lenyewe? Na nikishatoka huko, nijenge jina kwa sacco au kwa mikopo midogo ya simu?

Jogoo_wa_Thika
Usilipe, mama. Sheria inasema baada ya miaka mitano taarifa inafutwa. Vumilia kidogo tu.

Karani_Mstaafu
Jogoo, miaka mitano ipo, lakini inahesabiwa kuanzia siku deni linapomalizwa, si siku lilipokwama. Mama Posho akikaa kimya hadi 2030, hesabu yake itakuwa bado haijaanza.

Dada, kabla ya kutuma hata shilingi, chukua ripoti zako zote. Kampuni za CRB zenye leseni hapa Kenya ni pamoja na TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila mwaka una haki ya ripoti moja bila malipo. Usiangalie moja ukaridhika, maana deni linaweza kuwa limesafishwa kwa kampuni moja, na kwa nyingine bado linasoma vibaya. Tazama mstari wa deni lenyewe: nani alilipeleka, salio ni kiasi gani, na limechelewa siku ngapi. Likishavuka siku 90 ndipo huandikwa kuwa mkopo usiolipwa.

Punguzo linawezekana, hasa kwa deni la zamani ambalo riba na faini zimelivimbisha. Ila hapa wengi huumia. Tuseme afisa anakuambia kwa simu, "leta 5,000 tumalizane." Unatuma. Mfumo wao unaona 5,000 zimeingia na 2,350 bado hazijalipwa, na wewe unabaki palepale. Omba kwanza barua au baruapepe inayosema 5,000 zinafunga akaunti, ndipo ulipe. Halafu udai barua ya kumaliza deni na uwasisitize wapeleke taarifa mpya kote walikokuorodhesha. Cheti cha CRB cha kuonyesha huna deni utaomba baada ya ripoti kubadilika, si kabla.

Bi_Mdogo_Malindi
Hodi jamani. Mimi nimekuta deni la 3,200 kwa kitambulisho changu na sijawahi kukopa kwa watu hao. Nami niombe punguzo?

Karani_Mstaafu
La, bibi, lako ni malalamiko, si punguzo. Ukilipa, utakuwa umelikubali. Iandikie kampuni ya CRB iliyotoa hiyo ripoti kwamba unapinga, ambatisha nakala ya kitambulisho, na umwandikie mkopeshaji aonyeshe pesa zilitumwa kwa namba gani. Hiyo namba ndiyo kesi yako yote.

Jogoo_wa_Thika
Sawa mzee, la miaka mitano umenishinda. Lakini la kujenga jina sikubali sacco. Mikopo ya simu ni ya haraka: unakopa, unalipa kwa wakati, kiwango kinapanda.

Mhasibu_wa_Kijiji
Kinapanda kwa huyohuyo anayekukopesha. Benki inaangalia pia umekopa mara ngapi na kwa watu wangapi. Mtu mwenye vimkopo sita vya simu anaonekana amebanwa.

Tazama gharama. Mkopo wa simu wa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ukichukua 60,000, unalipa 4,500 kwa mwezi mmoja tu. Kiasi hichohicho kwa sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua: kila mwezi unarudisha 5,000 za mkopo, riba ya mwezi wa kwanza ni 600, ya mwisho 50. Mwaka mzima riba ni 3,900.

Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Ukiweka 100,000 na kupata wadhamini, hiyo 300,000 ya mashine unaipata hukohuko, na huenda benki usiihitaji tena. Ubaya wake ni muda: akiba haiji kwa siku moja, na mdhamini mwenye mkopo wake mkubwa hatakufaa.

Karani_Mstaafu
Naongeza moja. Kanuni za CRB za 2020 zilifungulia sacco mlango wa kupeleka taarifa CRB, lakini si kila sacco hupeleka. Ukilipa miaka miwili kwa sacco isiyopeleka, benki haitaona chochote. Uliza kabla ya kujiunga.

Mama_Posho
Asanteni. Nimempigia mkopeshaji: barua hataki kuandika, anasema nitume kwanza, SMS itakuja. Hiyo SMS inatosha?

Jogoo_wa_Thika
Mimi ningetuma.

Mhasibu_wa_Kijiji
Mimi nisingetuma. Mwombe aandike hiyo SMS leo, itaje kiasi na kwamba akaunti inafungwa. Akikataa hata hilo, afadhali ulipe 7,350 zote.