Nakata uzito, benchi inashuka. Marudio mangapi, na nifike wapi kabla ya kugoma?

Mzaramo wa Vyuma: Wakuu, habari za jioni. Nilikuwa na kilo 84, nataka kufika 77. Kabla ya kuanza kubana chakula nilikuwa nalaza kilo 90 benchi kwa marudio matano. Mwalimu wa jim yetu akanibadilishia: uzito mwepesi, marudio 15 hadi 20, kila seti mpaka misuli igome, eti ndiyo njia ya kukausha. Wiki tatu sasa, niko kilo 80. Jana nimejaribu 90 nikapata mara mbili tu. Skwati haijashuka sana. Je, ndiyo nimepoteza misuli? Nirudi kwenye mzito au nivumilie?

Kifua Mbele: Vumilia mkuu. Mzito ni wa kujenga, mwepesi ni wa kukausha. Huwezi kujenga huku huli. Ukifikisha seti mpaka kugoma, misuli inabaki.

Chuma cha Kale: Kifua Mbele, hapo mwisho uko sawa. Hata uzito mwepesi ukisukumwa karibu na kugoma unalinda ukubwa wa misuli. Ila mwenzetu analilia nguvu ya kilo 90, na nguvu ya chuma kizito inataka chuma kizito. Mwili unajifunza kukusanya misuli yote kwa pamoja chini ya mzigo ule, na usipougusa kwa wiki kadhaa unasahau haraka kuliko misuli inavyopungua. Mafuta hayakaushwi na marudio, yanakaushwa na chakula.

Mzaramo, kwanza mwendo wako ni wa kasi: kilo 4 kwa wiki tatu. Sehemu ni maji, kwa sababu ukipunguza wanga misuli inaachia maji yake, lakini kuanzia sasa lenga nusu kilo hivi kwa wiki, isizidi 0.8. Protini unakula kiasi gani?

Mzaramo wa Vyuma: Mayai matatu asubuhi, maharage mchana, dagaa au kipande cha kuku usiku. Ugali nimeupunguza sana.

Chuma cha Kale: Hiyo haifiki gramu 100, labda dagaa wawe wengi kweli. Kwa uzito wako tafuta 130 hadi 160, na rudisha ugali kidogo kwenye mlo wa kabla ya mazoezi.

Benchi fanya mara mbili kwa wiki. Siku ya kwanza kilo 80, seti tatu za marudio manne. Siku ya pili kilo 85, seti moja ya matatu, halafu shuka 70, seti mbili za manane. Kila seti ikiisha uwe unaona bado ungeweza rudio moja au mawili. Ukigoma kwenye seti ya kwanza, zinazofuata zinaporomoka, na mwili wenye njaa unachelewa kupona. Kinachopunguzwa wakati wa kukata ni idadi ya seti; kama ulikuwa unafanya tano, tatu zinatosha kulinda ulichonacho. Kilo kwenye chuma zing'ang'anie.

Baisepu, traisepu na mabega ya pembeni endelea na 10 hadi 15, na huko ukigoma seti ya mwisho hakuna hasara kubwa.

Bi Tanga: Samahani kaka, mimi nafunga, na skwati nafanya kabla ya futari. Marudio kumi tu kizunguzungu. Nipunguze kilo?

Chuma cha Kale: Dada, peleka skwati saa moja au mbili baada ya kufuturu, ukiwa umeshakunywa maji. Ukibaki kabla ya futari, fanya marudio matatu hadi matano na upumzike vizuri. Kizunguzungu kikiendelea hata ukiwa umekula, muone daktari.

Mzaramo wa Vyuma: Nitajuaje yamebaki marudio mawili? Kwenye ishirini nilikuwa naungua tangu la kumi na mbili.

Chuma cha Kale: Kuungua kunadanganya, ndiyo maana marudio mengi ni magumu kuyapima. Kwenye mzito angalia mwendo: chuma kikianza kupanda polepole ghafla, huku umesukuma kwa nguvu zote, limebaki moja hivi. Jipime kwenye mashine ya kifua. Sema moyoni “bado mawili”, kisha endelea mpaka ugome uone kama ulikuwa sahihi.

Na kuhusu misuli: ukirudi kwenye mzito, 90 ikaanza kurudi ndani ya wiki mbili, ulichopoteza ni mazoea na maji. Ikizidi kushuka ilhali unakula protini na kulala vizuri, ongeza chakula.

Sahani Ishirini: Mimi natofautiana kidogo. Seti ya mwisho ya benchi naenda mpaka kugoma, mwenzangu akiwa kichwani, hata nikiwa nakata. Sijaona shida.

Chuma cha Kale: Kama seti inayofuata na siku inayofuata hazishuki, endelea mkuu. Kwa skwati nisingekushauri.

Mzaramo wa Vyuma: Kesho naanza na 80. Skwati nayo nipunguze seti, au niiache kwa kuwa haijashuka?