Mrejesho: kigaga cha mwanangu kwenye picha ya bethidei

Niliuliza: "Mwanangu alianguka siku mbili kabla ya bethidei, ana kigaga juu ya mdomo na keki shavuni. Nikifuta kwa GIMP panabaki doa la ukungu. Nakosea wapi?"

Wakuu, imekubali. Kwanza nilinakili leya kwa Duplicate Layer, nikafanya kazi kwenye nakala tu.

Keki ya shavuni ilitoka upesi kwa Heal: Ctrl na kubofya ngozi safi ya jirani, yenye mwanga uleule, kisha brashi kubwa kidogo kuliko doa. Mwanzo nilichota ngozi ya paji la uso, linalong'aa kwa jasho la Mbagala, vinyweleo vikakataa kulingana.

Kigaga ndicho kilichonitesa. Kimegusa ukingo wa mdomo, na Heal huchanganya rangi na kile kilicho pembeni ya brashi, kwa hiyo wekundu wa mdomo ukavuja juu ya ngozi. Ndiyo ule ukungu! Aliyenishauri nianze na Clone alikuwa sahihi: brashi ndogo, nikafuata mstari wa mdomo, nikakitenganisha kigaga na ukingo. Kilichobaki katikati ya ngozi nikamalizia kwa Heal.

Nikifungua na kufunga jicho la leya ya juu, naona kigaga na keki tu vinapotea, uso haubadiliki. Kovu dogo la nyusi nimeliacha, hilo ni lake. Bibi yake keshaomba nakala ya ukutani.