Naomba ushauri: barua ya kuthibitisha kuwa nilihudhuria kliniki
Ndugu zangu, mwezi uliopita nilitibiwa malaria kwenye kliniki moja ya binafsi, nikaondoka na dawa bila cheti cha mapumziko, na sasa afisa utumishi anadai uthibitisho wa siku ile. Ninazo stakabadhi ya malipo na karatasi ya majibu ya maabara, zote zikiwa na tarehe na namba ya faili. Sitaki daktari aandike cheti cha tarehe ya nyuma, kwani huko ni kughushi. Ninachohitaji ni barua ya tarehe ya leo, yenye sahihi na muhuri, inayoeleza kuwa kumbukumbu zao zinaonyesha nilihudhuria siku hiyo, bila kutaja ugonjwa. Je, nimwandikie mganga mfawidhi, au mapokezi wanatosha? Na mwajiri akisema kuhudhuria hakuthibitishi kwamba sikuweza kufanya kazi, nimjibuje?